Kifua kinachocheza kinyume: jinsi madaktari walivyotibu kile walichokiona

Weka viganja vyako viwili kwenye mbavu, kimoja kulia na kingine kushoto. Sasa vuta hewa taratibu. Viganja vyote vimesukumwa nje kwa pamoja, sivyo? Toa hewa, navyo vinarudi ndani. Umefanya hivyo tangu ulipozaliwa bila kufikiri.

Sasa fikiria mtu ambaye akivuta hewa, kifua chote kinapanda isipokuwa kipande kimoja chenye ukubwa wa kiganja, ambacho kinazama ndani. Akitoa hewa, kifua kinashuka na kile kipande kinachomoza. Kinacheza kinyume na mwenzake kila pumzi, mara 30 kwa dakika. Ukiona jambo hilo mara moja hulisahau. Na ukiambiwa umtibu mtu huyo, mkono wako wenyewe utataka kwenda kukishika kile kipande kisicheze.

Hivyo ndivyo madaktari walivyofanya kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Walikishika kwa plasta, kwa mifuko ya mchanga, kwa ndoano na roda, na baadaye kwa mashine. Ilichukua muda mrefu kabla ya mtu kuuliza swali dogo ambalo ndilo kiini cha makala hii: je, ni kweli kinachomuua mgonjwa ni huko kucheza kwa kifua?

Kwanza, mbavu zinafanya kazi gani?

Mapafu hayana msuli wa kuyatanua. Ni kama maputo mawili ya sponji ambayo yakiachwa yenyewe hunywea. Kinachoyafanya yabaki wazi ni kwamba yamekaa ndani ya boksi lililofungwa, yaani kifua, na kati ya mapafu na ukuta wa kifua kuna nafasi nyembamba sana yenye majimaji kidogo. Mapafu yanavuta kuelekea ndani, ukuta wa kifua unavuta kuelekea nje, na katikati yao presha inakuwa chini kidogo kuliko presha ya hewa ya nje. (Kama ulisoma fizikia kwa Kiswahili, hii ndiyo ile kanieneo.)

Chini kwa kiasi gani? Ukiwa umetulia, mwisho wa kutoa hewa, ni kama sentimita 5 za maji. Yaani ni tofauti ile ile unayoitengeneza ukinyonya maji kwa mrija hadi yapande sentimita 5. Ukivuta pumzi ya kawaida, kiwambo kinashuka, misuli ya katikati ya mbavu inainua mbavu, boksi linapanuka, na presha inazidi kushuka hadi kama sentimita 8. Mapafu yanafuata, hewa inaingia puani. Kumbe hatuvuti hewa moja kwa moja: tunapanua boksi, na hewa inaingia yenyewe.

Sasa hebu jiulize. Kama ndani ya boksi presha ni ndogo kuliko nje, kwa nini ukuta wenyewe usibonyee kwenda ndani? Jibu ni mbavu. Kila ubavu umeshikwa nyuma kwenye uti wa mgongo, na zile za juu zimeshikwa mbele kwenye mfupa wa kidari. Ni tao, kama tao la daraja. Presha ya nje inausukuma, na tao linaupeleka mzigo huo kwenye ncha zake mbili.

Ukivunja ubavu sehemu moja, tao limeumia lakini kila nusu bado ina mahali iliposhikwa. Uvunje sehemu mbili, na kipande cha katikati hakina tena mwenyewe. Zikivunjika hivyo mbavu tatu au zaidi zinazofuatana, vipande vile vinabaki vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe kwa misuli na ngozi tu, kama mlango uliong'olewa bawaba zote. Hicho ndicho tutakachokiita hapa kifua legevu. Waingereza walikipa jina la kifaa cha kupuria ngano: fimbo yenye kipande kingine kinachoning'inia mwishoni na kucheza kila upande.

Tupige hesabu ya mgonjwa mmoja

Tuchukue mfano wa kubuni. Dereva wa miaka 50 amegonga, na usukani umempiga upande wa kulia wa kifua. Ubavu wa 4, wa 5, wa 6 na wa 7 kila mmoja umevunjika mbele na pembeni. Kipande kilicholegea kina urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 10, yaani sentimita 120 za mraba.

Akivuta hewa kwa utulivu, presha ndani iko chini kwa sentimita 8 za maji. Hewa ya nje inakisukuma kile kipande kwa nguvu sawa na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha sentimita 8 juu ya eneo lile. Nane mara 120 ni sentimita 960 za ujazo za maji, karibu kilo moja. Kwa hiyo kila akivuta hewa, ni kama mtu ameweka pakiti ya sukari ya kilo moja juu ya mbavu ambazo hazina pa kushikilia. Lazima zizame.

Zikizama, tuseme kwa wastani wa sentimita 1, zimechukua nafasi ya mililita 120 ndani ya boksi. Pumzi ya kawaida ya mtu mzima ni kama mililita 500. Ili aipate ile ile, kiwambo chake na upande wa pili wa kifua vitabidi vitanue boksi kwa mililita 620. Anafanya kazi ya ziada, na sehemu ya kazi hiyo inaishia kuvuta ukuta wake mwenyewe ndani badala ya kuvuta hewa.

Na kwenye kutoa hewa? Presha inarudi kuelekea sentimita 5, mzigo unapungua, na kipande kinarudi nje wakati kifua kingine kinashuka. Akikohoa ndiyo balaa: presha ya ndani inapanda juu ya ile ya nje, na kile kipande kinafutuka kama puto. Kikohozi kinapoteza nguvu pale pale. Makohozi yanabaki ndani.

Hapo ndipo fizikia ya kinachoonekana inapoishia. Angalia vizuri ile namba ya kwanza, maana ndiyo itakayogeuza hadithi: mzigo juu ya kipande unategemea *ni kwa nguvu kiasi gani mgonjwa anavuta*. Tutairudia.

Hewa bembea

Mwanzoni mwa karne ya 20 kifua kikuu kilikuwa kinaua Ulaya nzima, na mojawapo ya matibabu ilikuwa kuliangusha pafu lililooza ili lipumzike. Njia moja ilikuwa kuondoa mbavu kadhaa kwa upasuaji, ukuta wa kifua ukazame juu ya pafu. Daktari Mjerumani Ludolf Brauer alikuwa miongoni mwa waliosukuma mbele matibabu hayo, naye aliona vizuri kabisa kilichotokea: ukuta usio na mbavu ulianza kucheza kinyume na pumzi.

Maelezo yake yalikuwa ya kuvutia. Alisema mgonjwa akivuta hewa, upande uliolegea unabonyezwa, kwa hiyo hewa iliyochakaa ya pafu lile inakimbilia pafu zima. Akitoa hewa, inarudi. Hewa ile ile inabembea kati ya mapafu mawili kama pendulamu ya saa, haitoki nje, na mgonjwa anakosa hewa huku anapumua. Neno lake la Kijerumani lina maana hiyo hiyo: hewa ya pendulamu. Sisi tuiite hewa bembea.

Unaona uzuri wake? Inaeleza kila kitu kwa picha moja. Kipande kinacheza, basi hewa inacheza, basi oksijeni haifiki. Na inakupa tiba papo hapo: zuia kucheza, hewa itaacha kubembea, mgonjwa atapona. Kwa nusu karne vitabu viliirudia.

Na watu wakazuia kwelikweli. Njia ya kwanza ilikuwa kumlaza mgonjwa juu ya upande ulioumia, au kuwekea mifuko ya mchanga, au kumzungushia plasta pana kifuani. Tatizo la plasta unaweza kulibashiri mwenyewe: inazuia kipande kibovu na inazuia pia mbavu nzima ambazo ndizo zinazofanya kazi. Kuanzia miaka ya 1920 zikaja taarifa za kuvuta. Koleo kali linapitishwa kwenye ngozi na kushika mfupa wa kidari au ubavu wenyewe, kamba inapita juu ya roda iliyofungwa juu ya kitanda, na mwisho wa kamba unaning'inizwa uzito. Mgonjwa analala chali wiki kadhaa, kifua kimetundikwa kama nyavu. Mashimo ya koleo yalioza, na mtu aliyelala bila kugeuka hakohoi vizuri.

Vita vinaleta dokezo

Katika Vita vya Pili vya Dunia, madaktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani waliokuwa upande wa Mediterania walipata majeruhi wengi wa kifua. Wawili kati yao, Thomas Burford na Benjamin Burbank, walichapisha mwaka 1945 maelezo ya kitu walichokiita pafu bichi, kwa maana ya pafu lililoloa. Baada ya kipigo cha kifua, pafu lilikuwa linajaa damu, majimaji na makohozi. Mgonjwa alikuwa na maumivu, hivyo hakohoi, hivyo makohozi yanazidi, hivyo pafu linazidi kuloa.

Tiba waliyoipendekeza haikuhusu kushika mbavu. Walichoma dawa ya ganzi kwenye neva zinazopita chini ya kila ubavu ili mtu aweze kukohoa, walinyonya makohozi kwa mrija, na walitahadharisha dhidi ya kumjaza mgonjwa maji ya mishipani ambayo yangeishia mapafuni.

Kwa maneno mengine, mwaka 1945 jibu lilikuwa limeshaandikwa. Lakini kuna kitu kilikuja baada ya vita kikalifunika kwa miaka 20, nacho kilikuwa kizuri sana.

Mashine inayoshika mbavu kutoka ndani

Mwaka 1952 Copenhagen ilipigwa na mlipuko wa polio. Daktari wa ganzi Bjørn Ibsen alionyesha kuwa mgonjwa ambaye misuli yake ya kupumua imepooza anaweza kuokolewa kwa kutoboa koo, kuingiza mrija na kusukuma hewa kwa mkono kutoka kwenye mfuko wa mpira. Wanafunzi wa udaktari walikaa kwa zamu kando ya vitanda wakiminya mifuko hiyo usiku na mchana. Kutoka hapo dunia ikaelewa kuwa hewa inaweza *kusukumwa* ndani kwa muda mrefu na mtu akaishi.

Daktari mwingine wa ganzi kutoka Denmark, Ernst Trier Mörch, alikuwa ameshahamia Marekani, naye alikuwa ametengeneza mashine ya pistoni ya kufanya kazi hiyo. Mwaka 1956 yeye na wenzake Edward Avery na Donald Benson, wakiwa Chicago, walichapisha njia mpya ya kutibu vifua vilivyopondeka.

Rudi kwenye mechanika yetu utaona akili ya wazo lile. Mtu akipumua mwenyewe, presha ya ndani inashuka anapovuta hewa, na kipande kinazama. Mashine inafanya kinyume: wakati wa kuingiza hewa, presha ya ndani inapanda juu ya ile ya nje. Kipande kilicholegea kinasukumwa nje *pamoja* na kifua kingine. Hakuna tena mwendo kinyume. Hewa yenyewe imekuwa bandeji inayoshika mbavu kutoka ndani.

Kulikuwa na sharti moja. Mgonjwa akijaribu kuvuta hewa mwenyewe, presha inashuka na kipande kinazama tena. Kwa hiyo walimpumulisha kupita kiasi, hewa ukaa ikapungua mno kwenye damu, na ubongo, usipopata ishara ya hewa ukaa, ukaacha kuamrisha pumzi. Mgonjwa alitulia, mashine ikafanya yote, wiki mbili au tatu, hadi mbavu zikaanza kuunga.

Na watu waliokuwa wanakufa wakapona. Hili tusilibeze. Ndani ya miaka michache njia hii ikawa kanuni: ukiona kifua kinacheza kinyume, toboa koo, funga mashine. Haikuulizwa mgonjwa anaendeleaje. Ilitosha kuona kifua kinacheza.

Bei ililipwa kimya kimya. Mrija kooni wiki tatu unapitisha vijidudu moja kwa moja hadi mapafuni, na nimonia ilikuwa jambo la kutegemewa. Koo lililotobolewa na kubanwa na mrija lilipona kwa kovu, na wengine walitoka hospitali na njia ya hewa iliyofinyaa. Misuli ya kupumua isiyotumika wiki tatu inadhoofika, na kumwachisha mtu mashine kukawa ni vita vingine.

Je, hewa inabembea kweli?

Mwaka 1961 James Maloney na wenzake waliamua kufanya kitu ambacho kwa miaka 50 kilikuwa kimekosa wa kukifanya kwa makini: kupima. Walitumia mbwa waliolegezwa ukuta wa kifua, wakapima hewa inayoingia na kutoka kwa kila pafu peke yake. Kama Brauer alikuwa sahihi, pafu la upande mbovu lingekuwa linatoa hewa wakati la upande mzima linavuta.

Hawakuiona hewa bembea. Njia ya hewa ikiwa wazi, mapafu yote mawili yalijaa pamoja na kunywea pamoja.

Sababu yake ni rahisi ukishaiona. Kipande kinapozama hakilibonyezi pafu lake peke yake. Sehemu ya katikati ya kifua, ulimo moyo, si ukuta wa saruji. Inasogea, na presha inakaribia kulingana pande zote mbili. Kipande kikizama kinapunguza kidogo ule mvuto wa *boksi zima*. Pumzi inakuwa ndogo, au kiwambo kinafidia kama tulivyoona kwenye hesabu, lakini hewa haina sababu ya kukimbia kutoka pafu moja kwenda jingine.

Kulikuwa na ushahidi mwingine vitandani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 vilipatikana vipimo vya kupima oksijeni na hewa ukaa kwenye tone la damu. Sasa fikiri kama mpelelezi. Kama tatizo ni kwamba mgonjwa hapumui vya kutosha, au anapumua hewa ile ile iliyochakaa, hewa ukaa ingejaa kwenye damu yake tangu mwanzo. Lakini kawaida majeruhi hawa mwanzoni wana oksijeni ndogo huku hewa ukaa ikiwa sawa, au hata chini, kwa sababu wanahema haraka. Hewa inaingia na kutoka vya kutosha. Oksijeni ndiyo haivuki kwenda kwenye damu.

Mhalifu alikuwa chini ya mbavu

Nguvu iliyovunja mbavu nne sehemu nane haikuishia kwenye mifupa. Ilipita hadi kwenye pafu. Mishipa midogo ikapasuka, vifuko vya hewa vikajaa damu na majimaji. Pafu limevilia damu, kama paja lililogongwa, ila paja halihitaji kupitisha oksijeni.

Damu inayopita kwenye vifuko vilivyojaa inatoka kama ilivyoingia. Turudi kwa dereva wetu. Tuseme theluthi moja ya damu yake inapita kwenye sehemu iliyovilia, nayo inatoka ikiwa na oksijeni asilimia 70 ya uwezo wake. Theluthi mbili zinapita kwenye pafu zima na kutoka na asilimia 98. Zikichanganyika moyoni tunapata karibu asilimia 89. Je, akihema haraka zaidi atafidia? Hapana. Damu ya upande mzima iko 98 tayari. Haiwezi kufika 120. Ndiyo maana unaweza kumshika mbavu vizuri sana na oksijeni isipande.

Na sasa ile namba niliyosema tutairudia. Pafu lililojaa majimaji ni gumu. Kulitanua inabidi uvute kwa nguvu, tuseme sentimita 20 za maji badala ya 8. Piga tena: 20 mara 120 ni 2400. Kile kipande sasa kinabebeshwa karibu kilo mbili na nusu kila pumzi, na kinazama zaidi.

Umeona kilichogeuka? Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kifua kikicheza ndipo pafu linaharibika. Kwa sehemu kubwa ni kinyume chake: pafu likiharibika ndipo kifua kinacheza zaidi. Ndiyo maana majeruhi anaweza kufika hospitali kifua kikionekana kimetulia, misuli imekaza kwa maumivu na kukishika kipande, na eksirei ya kwanza ikawa karibu safi. Halafu siku ya pili pafu linaloa, misuli inachoka, na kifua kinaanza kucheza mbele ya macho ya kila mtu. Mwendo ule ni mshale wa kipimo. Kwa miaka 50 walikuwa wanaushikilia mshale.

San Antonio, 1975

Kent Trinkle na wenzake huko San Antonio, Texas, walitangaza jambo lililosikika kama utani: waliamua kuupuuza mwendo kinyume. Walilinganisha makundi mawili ya wagonjwa wa kifua legevu. La kwanza lilitibiwa kwa kanuni ya siku zile, koo kutobolewa na mashine mapema. La pili lilitibiwa pafu: maji ya mishipani yalipunguzwa, dawa za kukojoza zilitumika, neva za mbavu zilichomwa ganzi, makohozi yalitolewa kwa bidii, na mashine ilisubiri hadi oksijeni yenyewe idai.

Kundi la mashine lilikaa hospitali wastani wa siku 31, na karibu mmoja kati ya watano alifariki. Kundi la pili lilikaa siku 9, na hakuna aliyefariki.

Usiyachukue matokeo hayo kama msumari wa mwisho. Walikuwa wagonjwa wachache, hawakugawanywa kwa kura, na baadhi ya dawa walizotumia, kama steroidi, hazitumiki tena kwa kazi hiyo. Lakini swali lilikuwa limebadilika. Kabla ya hapo daktari aliuliza, "Kifua kinacheza?" Baada ya hapo akauliza, "Oksijeni ikoje, maumivu yakoje, anakohoa?" Ganzi ikawa tiba ya mapafu, siyo huruma tu. Mashine haikutupwa: mgonjwa ambaye oksijeni inashuka licha ya yote hayo bado anaihitaji, na presha yake inasaidia kufungua vifuko vilivyofunga. Kilichotupwa ni kufunga mashine kwa sababu ya macho.

Je, mbavu hazina maana basi?

Hapa ni rahisi kuangukia upande wa pili na kusema mifupa haijalishi. Hesabu yetu ya mililita 120 na kikohozi kinachovuja bado ni ya kweli. Mwaka 2002 Hideharu Tanaka na wenzake nchini Japani waliwachukua wagonjwa 37 ambao siku ya tano bado walikuwa kwenye mashine, wakawagawa kwa kura: wengine mbavu zilifungwa kwa vyuma, wengine waliendelea na mashine peke yake. Waliofungwa vyuma walikaa kwenye mashine kama siku 11, wenzao 18. Nimonia iliwapata asilimia 24 ya kundi la kwanza na asilimia 77 ya kundi la pili.

Lakini soma hilo pamoja na taarifa ya Ujerumani ya mwaka 1998, ya Gregor Voggenreiter na wenzake: kufunga mbavu kulisaidia wale ambao pafu halikuvilia sana, waliokuwa na pafu lililovilia hawakupata faida hiyo. Unaona hadithi inavyojifunga? Ukuta ukiwa ndio tatizo, tengeneza ukuta. Pafu likiwa ndilo tatizo, chuma hakiwezi kulikausha.

Ukiliona wewe

Labda unasoma udaktari au uuguzi, labda siku moja utakuwa wa kwanza kufika kwenye ajali ya pikipiki. Mambo machache yanatoka moja kwa moja kwenye historia hii.

Angalia kifua kikiwa wazi, ukisimama upande wa miguu, macho yako yakiwa usawa wa kifua, kwa dakika nzima. Kipande kidogo kinaonekana vizuri zaidi kwa mwanga wa pembeni, na wakati mwingine mkono unakihisi kabla ya jicho. Ukimwona mgonjwa aliyekwisha kuwekwa kwenye mashine, usitegemee kuona chochote: mashine inaficha mwendo kinyume, kama Mörch alivyokusudia.

Usimzungushie kitambaa au bandeji kifuani ili "kukaza mbavu". Unawafunga na wafanyakazi wazima.

Kutotikisika kwa kifua leo hakumaanishi kesho kutakuwa hivyo. Pafu lililovilia linaendelea kuwa baya kwa saa 24 hadi 48. Hesabu pumzi, pima oksijeni, rudia. Mtu aliyekuwa akihema mara 20 kwa dakika na sasa anahema 34, anaongea maneno mawili mawili na hawezi kukohoa, amekuambia kila kitu hata kama kifua kimetulia.

Kwa mtoto usisubiri mbavu zivunjike. Mbavu zake ni laini, zinapinda na kurudi, na pafu linaweza kuvilia chini ya mbavu zilizo nzima kabisa. Kwa mzee ni kinyume: mbavu ni kavu, kipigo kidogo kinavunja nyingi, na akiba yake ya pumzi ni ndogo.

Na kwenye wodi yenye mashine moja ya kupumulia kwa wagonjwa wengi, kama zilivyo nyingi kwetu, kumbuka kilichofanya kazi San Antonio. Sindano ya ganzi chini ya ubavu, mtu wa kumketisha mgonjwa na kumkohoza kila saa, oksijeni, na uangalifu na dripu havihitaji umeme wa kutosha kuendesha pistoni. Vinahitaji mtu anayejua kwamba kile kipande kinachozama na kuchomoza kinampa habari za pafu lililo chini yake.